Unapojikuta Unamlea Mwenzi Wako: Namna ya Kumkabidhi Jukumu na Kuacha Kubembeleza Anaponuna

Unamkumbusha mara tatu, anasema "nitafanya", hafanyi. Mwishowe unafanya mwenyewe kwa sababu jambo lina tarehe na tarehe haimsubiri mtu. Ukimwambia kwamba umechoka, uso unabadilika. Anajibu kwa neno mojamoja, simu inageuka kuwa rafiki yake wa pekee, analala mapema akikupa mgongo, na kwa siku mbili kila mtu ndani ya nyumba ananyata. Siku ya tatu wewe ndiye unayemwendea. Unamuuliza kama yuko sawa, unamwambia hukukusudia kumuumiza, pengine hata unaomba radhi. Anachangamka, amani inarudi, na lile jambo lililoanzisha yote halitajwi tena mpaka litakapojirudia.

Mzunguko huo una malipo ya aina mbili, na yote mawili yanatoka kwako. Kutowajibika kunalipwa kwa sababu kazi hufanyika hata asipoigusa. Kununa nako kunalipwa, kwa kuwa kunamletea kubembelezwa na lalamiko kufutwa. Haina maana kwamba ameketi akapanga hivyo. Wengi walijifunza utotoni kwamba mtu aliyekosolewa akikaa kimya vya kutosha, mkubwa fulani atakuja kumtuliza, na hawakujifunza njia nyingine. Hata wewe unapata kitu: kazi inafanyika vile unavyopenda, na ugomvi unaisha haraka. Ndiyo maana mazungumzo marefu ya usiku, hata yanapomalizika kwa machozi na ahadi, hayabadilishi kitu. Maneno yamebadilika, malipo yamebaki palepale.

Mwongozo huu unashughulikia malipo hayo mawili tu. Nitamzungumzia mke anayebeba na mume anayenuna, kwa sababu mfano ninaoutumia ni wa namna hiyo, lakini mambo hutokea kinyume chake pia na hatua hazibadiliki.

Kwanza, hakikisha tatizo lako ndilo hili

Jiulize unahisi nini anaponyamaza. Ukihisi uchovu, hasira, upweke au hatia, endelea kusoma. Ukihisi woga, yaani unaogopa atakachokufanyia wewe au watoto, au kimya chake huandamana na vitisho, kuvunja vitu, kukunyima fedha au kukutenga na ndugu zako, basi hilo si suala la utoto wa kihisia na hatua zilizoko hapa zinaweza kukuweka hatarini. Hapo unahitaji mtu wa nje: ndugu unayemwamini, mshauri, au wanaosaidia waathirika wa ukatili wa nyumbani.

Angalia pia kama hali hii ni ya zamani au imeanza karibuni. Mtu aliyekuwa anawajibika, kisha kwa zaidi ya wiki mbili amekosa hamu hata ya vitu alivyovipenda, usingizi umevurugika na hana nguvu, huenda ana sonona, na anayemfaa ni daktari. Wapo pia wenye tatizo la umakini tangu utotoni. Hao husahau hata miadi yao wenyewe, hupoteza funguo zao wenyewe, na huchelewa hata kwenye mambo wanayoyatamani. Mtu asiyesahau mechi, malipo ya kikundi chake wala ahadi kwa rafiki zake, lakini akasahau kila kinachohusu nyumba, huenda kumbukumbu yake haina shida. Anajua tu kwamba nyumbani kuna mtu atakayekumbuka kwa niaba yake.

Andika kwa wiki moja, usiseme neno

Kabla ya kumwambia chochote, chukua daftari na uandike mambo mawili kila jioni. La kwanza ni kazi ulizobeba kichwani. Kila kazi ya nyumbani ina sehemu nne: kugundua kwamba inahitajika, kuamua namna ya kuifanya, kuifanya, na kufuatilia kama imekamilika. Wenza wengi wanaolalamikiwa hutaja sehemu ya tatu tu: "Mbona nilikwenda dukani!" Ni kweli alikwenda, lakini wewe ndiye uliyegundua kwamba vitu vimekwisha, ukaandika orodha, ukamkumbusha kuondoka, na ukapigiwa simu mara mbili akiwa huko. Daftari litakuonyesha kwamba kinachokuchosha mara nyingi ni zile sehemu tatu zisizoonekana.

La pili ni yale yanayofuata kila unapomkosoa. Ulisema nini hasa, kwa maneno yapi? Alifanya nini? Kimya kilidumu muda gani? Nani alikivunja, kwa kusema nini? Na lile jambo liliishia wapi? Safu ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Ukiona mara nne kati ya tano jambo liliishia hewani, umeipata sehemu ya kufanyia kazi.

Wiki hiyo itakuonyesha na sauti yako mwenyewe. Eric Berne, daktari wa akili aliyeanzisha nadharia ya uchambuzi wa mahusiano katika miaka ya 1950, alieleza kwamba mtu mmoja huzungumza akiwa katika nafasi tatu: ya mzazi, ya mtu mzima na ya mtoto, na kwamba sauti ya mzazi huita jibu la mtoto. "Nimekuambia mara ngapi?" ni sauti ya mzazi. "Haya, nipe nifanye mwenyewe" ni sauti ya mzazi pia, hata ukiisema kwa upole. Utoto wake haukuanzishwa na sauti hiyo, na hilo usijibebeshe. Lakini huwezi kumtaka asimame kama mtu mzima huku unamwita kwa mlango wa mtoto.

Chagua jukumu moja, na ulichague vizuri

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakishachoka, humwaga orodha nzima: kuanzia leo utafanya hili, na lile, na lile. Mtu anayekwepa jukumu moja hawezi kupokea manane kwa siku moja, na wewe hutaweza kuvumilia manane yakianguka kwa pamoja.

Jukumu la kuanzia liwe na tarehe au dalili iliyo wazi, ili pasiwe na ubishi kama limefanyika. Likianguka, limguse yeye angalau kama linavyokugusa wewe. Na kuanguka kwake kusimdhuru mtu: dawa za mtoto, kodi ya nyumba, ada ya shule na kumchukua mtoto shuleni visiwe vya kujaribia. Hayo yaache mpaka ameonyesha kwamba anaweza kubeba mengine.

Tuchukue mfano wa bili ya intaneti ya nyumbani. Mume ndiye anayeitumia zaidi, kwa kazi na kwa kuangalia mpira. Mke ndiye aliyekuwa akikumbuka tarehe, akitenga fedha, akilipa, na kumpigia mtoa huduma inapokatika. Jukumu hili lina tarehe, linamgusa, na hakuna atakayeumia likikwama kwa siku mbili.

Mazungumzo ya kukabidhi

Yafanyeni siku ambayo hakuna kilichoharibika. Usiyaanze siku bili imechelewa, usiku wa manane, mbele ya watoto au akiwa ametoka tu kazini. Utafiti wa John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewachunguza wanandoa kwa miongo kadhaa, ulionyesha kwamba dakika 3 za mwanzo za mazungumzo ya mgogoro hutabiri kwa kiasi kikubwa yatakavyoisha. Ukianza kwa shutuma, hata ukijirekebisha katikati, kwa kawaida mmeshapotea.

Sema jambo lenyewe, hali yako, kisha unachotaka. Mke wa mfano wetu alisema hivi: "Nimekuwa nikishika mambo ya intaneti kuanzia kukumbuka tarehe mpaka kuwapigia simu. Nimechoka kuyabeba kichwani. Naomba hili uchukue lote, si kulipa tu. Mimi sitakumbusha wala sitalipa. Unaonaje?"

Hamna "wewe kila siku" wala "hujawahi". Hakuna historia ya miaka sita. Kuna kitu kimoja tu cha kukubali au kukataa.

Kisha kubalianeni kuhusu mambo matatu kabla ya kuinuka: kazi hiyo inahesabika imefanyika lini (bili imelipwa kabla ya tarehe ya kukatwa), fedha zinatoka wapi, na nini kitatokea isipofanyika. Hilo la tatu lisemwe waziwazi na kwa utulivu: "Ikikatika, itabaki imekatika mpaka uishughulikie." Kama nawe unaitegemea kwa kazi, tafuta njia yako mbadala kabla ya siku hiyo, kwa mfano kifurushi cha simu yako, ili usije ukalazimika kumwokoa kwa kujiokoa.

Kama anapenda kulipa kwa namna ambayo wewe usingelipa, au siku ya mwisho kabisa, mwache. Ukikabidhi kazi huku umebaki na usimamizi, hujakabidhi. Nalisisitiza hili kwa sababu wanaobeba nyumba kwa miaka hujenga viwango vyao na huona kila njia nyingine ni uzembe. Kiwango mlichokubaliana ndicho pekee unachoruhusiwa kudai.

Anaweza kununa papo hapo. Ikiwa hivyo, ruka moja kwa moja mpaka sehemu ya kununa hapo chini, kisha urudi kwenye ombi lako siku inayofuata.

Siku kazi inapoanguka

Karibu kila mara itaanguka mara ya kwanza. Ijumaa jioni intaneti ikakatika. Mume akatoka chumbani: "Mbona intaneti haifanyi kazi?" Mke alijibu, "Sijui, nadhani ni bili." Akaendelea na alichokuwa akifanya.

Maneno hayo machache ni magumu kuliko hotuba. Kishawishi cha kwanza ni kusema "si nilikwambia", ambacho kinamgeuza mlalamikiwa kuwa mlalamikaji: sasa ataijadili sauti yako badala ya bili yake. Kishawishi cha pili ni kufungua simu na kulipa, "kwa sababu ni dakika mbili tu". Dakika hizo mbili zinamfundisha kwamba makubaliano yenu yana mwisho, na mwisho wenyewe ni pale yeye anapoanza kusumbuka.

Kama akiuliza, "Kwa nini hukunikumbusha?" jibu lipo kwenye makubaliano: "Tulikubaliana sitakumbusha." Lisemwe mara moja, bila kejeli. Siku ile mume alinung'unika, akajifungia chumbani, na kimya kikaanza.

Anaponuna

Si kila kimya ni cha kununa. Mtu aliyekosolewa anaweza kuzidiwa kimwili kabisa. Gottman aliona kwamba mapigo ya moyo yanapozidi takriban 100 kwa dakika katikati ya mabishano, mtu hushindwa kusikiliza vizuri, na mwili huhitaji angalau dakika 20 kutulia. Mtu wa namna hii akiomba nafasi, mpe kwa moyo mweupe. Tofauti huonekana katika mambo mawili. Anayetulia husema kwamba atarudi kwenye mazungumzo, na kweli hurudi. Anayenuna haondoki kabisa: yupo sebuleni, anapiga milango kidogo, anavuta pumzi kwa sauti, anakula kivyake, anasubiri uulize. Na ukiuliza, "Una nini?" anajibu, "Hakuna kitu."

Akianza hivyo, sema sentensi moja na usiirudie: "Naona umeumia. Niko tayari kuzungumza ukiwa tayari. Kesho jioni baada ya chakula nitakaa tuongee kuhusu intaneti." Sentensi hiyo inafanya kazi tatu. Inatambua hisia zake, inaacha mlango wazi, na inaonyesha kwamba jambo halijafutwa.

Kisha uishi kawaida, kwa maana halisi. Msalimie asubuhi. Kama siku hiyo ni zamu yako ya kupika, pika na umwambie chakula kiko tayari. Asipokuja, usimfuate na sahani. Usimnunie, kwa sababu hapo mtakuwa watoto wawili. Usimtumie mtoto kupeleka ujumbe. Usipige simu kwa mama yake. Usiulize mara ya pili kama yuko sawa. Fanya lile ulilopanga kufanya jioni hiyo, na kama mlikuwa mwende mahali pamoja naye hataki, nenda.

Jiandae, hali inaweza kuzidi kabla ya kupungua. Tabia iliyozoea kulipwa, malipo yanapokoma, inaweza kuongezeka kwanza, na wanasaikolojia wa tabia wameliona jambo hili kwa muda mrefu. Kimya cha siku mbili kinaweza kuwa cha siku nne. Zinaweza kuja kauli mpya: "Siku hizi umebadilika", "hunijali". Wengi hurudi nyuma hapa, na gharama yake ni kubwa. Ukibembeleza siku ya nne baada ya kuvumilia tatu, umemfundisha kwamba siku nne ndizo zinazotakiwa. Kwa hiyo usianze hatua hii katika kipindi ambacho huwezi kuimaliza: una msiba, unaumwa, au una mtihani wiki hiyo. Subiri.

"Hunijali" ijibu kwa ukweli na upendo ulio nao, kisha baki kwenye jambo: "Nakujali sana. Na bado nataka tuongee kuhusu bili."

Anaporudi

Atarudi kwa njia yake. Mume wa mfano alirudi Jumapili asubuhi kwa kuuliza swali lisilohusiana na chochote, kama hakuna kilichotokea. Mke aliitikia vizuri. Hakumtoza kwa zile siku mbili, hakuuliza, "Umemaliza kununa?" Lakini hakukubali jambo lipite. Jioni, baada ya chakula, alisema: "Juzi niliahidi tutaongea kuhusu intaneti. Umefikiria nini?"

Sehemu hii husahauliwa hata na waliovumilia vizuri. Wanafurahi sana kuona kicheko kimerudi kiasi kwamba wanaogopa kukiharibu. Lakini kununa hukoma kuwa na faida siku mtu anapogundua kwamba akinuna saa moja au siku tano, jambo analoliepuka atalikuta palepale alipoliacha, na kwamba halina ukali aliouhofia.

Mazungumzo yenyewe yasizidi dakika 15. Yaanze na bili: utafanyaje mwezi ujao? Acha atoe wazo lake, hata kama wako ni bora. Mume huyo alisema ataweka kengele kwenye simu siku tatu kabla. Kisha leteni suala la kimya, kwa ombi na si kwa hukumu: "Ukiumia na unahitaji muda, niambie 'nahitaji muda, tutaongea kesho'. Nitakuacha. Kinachonishinda ni kutojua." Kubalianeni kikomo. Saa 24 zinawatosha wengi. Anayeondoka ndiye mwenye wajibu wa kurudi na kufungua mazungumzo.

Akisema kitu kilicho cha kweli kuhusu wewe, kwa mfano kwamba unamkosoa mbele ya watu au unarudia kazi alizofanya, kipokee bila kukigeuza. Anajifunza kwako namna mkosolewa anavyokaa kitini.

Utajuaje kama kinafanya kazi

Jipe miezi mitatu kwa jukumu moja. Usitazame furaha yake, maana katika wiki za mwanzo hataipenda hali hii. Tazama daftari. Je, vimya vinapungua urefu? Je, amewahi hata mara moja kuvunja kimya mwenyewe, au kusema, "Nimekasirika, niache kwanza"? Je, bili inalipwa bila wewe kuigusa, hata kama ni siku ya mwisho? Je, ameanza kurekebisha kosa kabla hujalisema? Mambo mawili kati ya hayo yakiwepo, kuna mtu anayekua hapo, na unaweza kumkabidhi jukumu la pili kwa njia ileile.

Dalili mbaya ni hii: jukumu linaanguka kila mwezi, anavumilia hasara yake mwenyewe bila kujali, na kila jaribio la kuongea linageuzwa kuwa kesi dhidi yako. Hapo pendekeza mshauri wa ndoa, na upendekeze kwa namna unayoweza kuisimamia: "Nimepanga kumwona mshauri. Ningependa twende wote. Usipokuja, nitakwenda mwenyewe." Kisha nenda. Mtu wa tatu asiye ndugu wa upande wowote huona mzunguko ambao nyinyi wawili mmeshauzoea. Na hata ukiwa peke yako kwenye kile kiti, utakuwa na la kumwonyesha: miezi mitatu ya daftari, ulichoomba, mlichokubaliana, na kilichofuata.

Kama mna watoto na hali imefika hapo, usisubiri mume akubali ndipo uyapange yale yasiyoweza kuanguka: ada, kodi, matibabu. Yaweke mahali unapoyaona na ujue fedha zake zinatoka wapi, ukiwa na hesabu ya kile unachoweza kukibeba peke yako na kwa muda gani. Uamuzi wa kubaki au kuondoka utaufanya vizuri zaidi ukiwa na hesabu hiyo mkononi kuliko ukiwa katikati ya siku ya tatu ya kimya.